Mafuvu ya kale na hesabu iliyopotoka: Kwa nini upangaji wa mbari hauaminiki tena

KATIKA makavazi kadha ya Ulaya na Marekani mna maghala yaliyohifadhi maelfu ya mafuvu ya binadamu. Mengi yalikusanywa katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na lengo kuu halikuwa kujua maisha ya wenyewe. Wakusanyaji walitaka kuwagawa wanadamu katika mbari, yaani makundi makuu waliyodhani yametenganishwa na maumbile yenyewe. Wengi wao walitaka pia kusema ni kundi lipi lililo juu na lipi lililo chini.

Leo mengi ya mafuvu hayo yameondolewa machoni pa wageni. Kazi iliyobaki kwa wasimamizi wa makavazi ni ya maneno. Inawabidi waeleze, katika kibandiko kimoja ukutani, kilichokuwamo kabatini na sababu ya kuondolewa kwake. Mgeni husimama mbele ya kibandiko kwa muda mfupi tu. Akiambiwa kwamba sayansi ile ilikuwa ya uongo na asielezwe zaidi, ataondoka bila kujua uongo wenyewe ulikuwa wapi. Je, mizani ilikuwa mbovu? Mpimaji alidanganya? Ama vipimo vilikuwa sawa na kosa likawa mahali pengine?

Mkusanyo unaofaa zaidi kujibu maswali hayo ni ule wa daktari Samuel George Morton wa Filadelfia, Marekani, kwa kuwa yeye alichapisha hesabu zake zote na wengine wakaweza kuzikagua. Maneno yafuatayo ni mfano wa kibandiko ambacho kingewekwa mbele ya kabati lake:

"Kabati hili lilikuwa na mafuvu yaliyokusanywa na daktari Samuel George Morton kuanzia mwaka 1830 hadi kifo chake mnamo 1851. Alipima ujazo wa mafuvu, akayagawa katika mbari tano, na akadai kwamba wastani wa kila mbari ulionyesha kiwango cha akili yake. Dai hilo limekataliwa. Makundi aliyatengeneza mwenyewe. Ukubwa wa fuvu hufuata kimo, jinsia na hali ya hewa, wala haupimi akili. Tofauti baina ya watu wa kundi moja ni kubwa kuliko tofauti za wastani baina ya makundi. Vipimo vyake vingi vilikuwa sahihi. Hitimisho lake halikuwa sahihi. Watu hawa hawakuombwa ruhusa. Miongoni mwao walikuwamo watumwa, maskini na waliofukuliwa makaburini. Mafuvu hayaonyeshwi tena."

Kila sentensi ya kibandiko hicho ina historia yake, na makala haya yanazifafanua moja baada ya nyingine.

Jinsi fuvu lilivyopimwa

Morton alizaliwa mwaka 1799, akasomea udaktari na kufundisha anatomia. Mwaka 1830 alitaka kutoa mhadhara kuhusu mbari tano za binadamu, mgawanyo uliokuwa umeenezwa na Johann Friedrich Blumenbach, profesa wa Göttingen nchini Ujerumani. Morton hakuweza kupata fuvu la kila kundi la kuwaonyesha wanafunzi. Ndipo alipoanza kuwaandikia madaktari, wanajeshi, mabalozi na wasafiri awaombe mafuvu. Kufikia kifo chake alikuwa na mamia kwa mamia.

Namna yake ya kupima ilikuwa rahisi. Aliziba matundu madogo ya fuvu kwa pamba na kuligeuza juu chini. Kisha alimimina mbegu ndogo nyeupe za mviringo kupitia tundu kubwa la chini, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Alilitikisa fuvu ili mbegu zikae, akaongeza mpaka likajaa, halafu akazimimina mbegu zote katika chombo cha bati kilichotiwa alama za vipimo. Alama hizo zilimpa ujazo katika inchi za ujazo, na inchi moja ya ujazo ni kama mililita 16.

Tatizo la kwanza alilitambua mwenyewe. Mbegu hazilingani kwa ukubwa na zikisukumwa hujipanga upya, kwa hiyo fuvu lile lile likipimwa mara mbili lingeweza kutoa majibu yanayotofautiana kwa inchi kadha. Baadaye aliacha mbegu akatumia marisau, zile risasi ndogo za bunduki ya ndege, ambazo hulingana na hazibonyei. Kwa marisau, majibu ya fuvu moja hayakupishana zaidi ya inchi moja.

Mwaka 1839 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu mafuvu ya Marekani, na mwishoni akaweka jedwali. Wazungu pamoja na watu wengine aliowahesabu nao, kundi lililoitwa la Kaukasi, walipewa wastani wa inchi 87 kutokana na mafuvu 52. Kundi la Mongolia lilipewa 83 kwa mafuvu 10, wenyeji asilia wa Marekani 82 kwa mafuvu 147, na Wamalei 81 kwa mafuvu 18. Waafrika weusi, ambao wakati huo wataalamu waliwaita kundi la Ethiopia, waliwekwa chini kabisa kwa inchi 78, kutokana na mafuvu 29.

Jedwali hilo la mistari mitano ndilo lililozunguka duniani. Wengi waliolinukuu hawakulitazama zaidi ya tarakimu za wastani.

Aliyeingizwa na aliyeachwa nje

Msomaji anayetaka kujua penye kosa aanze na mstari wa kwanza wa jedwali. Chini yake Morton aliweka maelezo mafupi, na ni sifa yake kwamba hakuyaficha. Alisema kwamba alikuwa na mafuvu 17 ya watu wa India, ambao kwa mgawanyo wake walikuwa wa kundi moja na Wazungu. Wastani wao ulikuwa inchi 75 tu. Kati ya hayo 17 aliingiza matatu pekee katika hesabu, na sababu aliyotoa ni kwamba vichwa vya watu hao pengine ni vidogo kuliko vya taifa lolote jingine.

Hebu turudie hesabu hiyo. Mafuvu 52 yenye wastani wa 87 yana jumla ya inchi 4,524. Mafuvu 14 ya Wahindi yaliyoachwa nje, kila moja likihesabiwa 75, yana jumla ya 1,050. Tukiyajumlisha tunapata mafuvu 66 yenye inchi 5,574. Tukigawanya, wastani mpya ni 84.5 hivi. Pengo kati ya kundi la Kaukasi na la Mongolia, lililokuwa inchi nne, limeshuka hadi inchi moja na nusu, na hakuna fuvu lolote lililopimwa upya. Kilichobadilika ni uamuzi wa nani ahesabiwe.

Huo ndio udhaifu wa wastani wa aina hii. Kundi la Kaukasi liliwaweka pamoja watu wenye maumbile tofauti kutoka sehemu kubwa ya dunia. Wastani wake hupanda ukiongeza watu warefu wa kaskazini mwa Ulaya na hushuka ukiongeza watu wembamba wa nchi za joto. Mpimaji ndiye anayeamua uwiano wao. Kundi la wenyeji wa Marekani nalo lilikusanya jamii za milima ya Peru, ambazo vimo vyao ni vifupi, pamoja na jamii za kaskazini zenye watu wenye miili mikubwa. Namba ya 82 haikuwa ya watu wa jamii yoyote kati ya hizo. Ilitokana na idadi ya mafuvu ya kila upande yaliyobahatika kufika Filadelfia.

Ukubwa haupimi akili

Hata kama makundi yangechaguliwa kwa haki, ujazo wa fuvu usingetoa jibu ambalo Morton alilitafuta. Mtu mwenye mwili mkubwa kwa kawaida ana kichwa kikubwa. Wanaume kwa wastani wana mafuvu makubwa kuliko wanawake kwa sababu hiyo hiyo. Morton hakurekebisha hesabu zake kwa kimo, na hakuhakikisha kwamba kila kundi lina idadi sawa ya wanaume na wanawake. Stephen Jay Gould, mwanabiolojia wa Marekani aliyekagua majedwali hayo mwaka 1978, alionyesha kwamba katika orodha ya baadaye kundi la Waingereza lililopata wastani wa juu lilikuwa la wanaume watupu, ilhali kundi la Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika lililowekwa chini lilikuwa la wanawake watupu.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Jamii zilizoishi vizazi vingi katika nchi za baridi kwa kawaida zina miili minene na vichwa vya mviringo, maumbo yanayohifadhi joto. Utafiti wa mwaka 1984 uliolinganisha mafuvu ya dunia nzima ulionyesha kwamba ukubwa wa fuvu hufuata baridi na joto kuliko unavyofuata migawanyo ya mbari.

Ama kuhusu akili yenyewe, ndovu ana ubongo wenye uzito mara tatu hivi ya ubongo wa binadamu. Wale binadamu wa kale wa Ulaya wanaoitwa Neandertali walikuwa na mafuvu yenye ujazo sawa na wetu au zaidi. Hakuna anayesema kwamba kutokana na hilo walituzidi akili.

Namba zile zile, majibu mawili

Hapa ndipo penye jambo ambalo vibandiko vingi hulikosa. Gould alidhani kwamba Morton alijipendelea bila kujua. Aliona kwamba hesabu zilipohamishwa kutoka mbegu hadi marisau, wastani wa Waafrika ulipanda zaidi kuliko wa Wazungu. Akahisi kwamba wakati wa kutumia mbegu, mkono wa mpimaji ulishindilia zaidi mafuvu ya Wazungu na kuyajaza ya Waafrika kijuujuu. Maelezo hayo yalienea sana kupitia kitabu chake cha 1981, na walimu wengi wakayafundisha kama mfano wa upendeleo katika sayansi.

Mwaka 2011 kundi la wanaanthropolojia lililoongozwa na Jason Lewis lilichapisha matokeo ya kupima upya takriban nusu ya mafuvu hayo. Liligundua kwamba vipimo vya marisau vya Morton vilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, na makosa machache yaliyokuwamo hayakuwapendelea Wazungu. Baadhi ya watu walifurahi wakidhani kwamba Morton ameoshwa jina. Walikosea. Kuthibitisha kwamba chombo kilisoma ipasavyo hakuthibitishi kwamba kilichosomwa kina maana ambayo msomaji alikipa.

Ushahidi wa wazi kuhusu jambo hilo umetoka Heidelberg, Ujerumani. Mwaka 1836, miaka mitatu kabla ya kitabu cha Morton, profesa wa anatomia Friedrich Tiedemann alichapisha mjini London utafiti wake kuhusu ubongo wa Mwafrika na wa Mzungu. Yeye alijaza mafuvu kwa nafaka ndogo kavu mfano wa mawele, kisha akaipima nafaka hiyo kwa uzito. Badala ya kutazama wastani, alitazama fuvu dogo kabisa na kubwa kabisa katika kila kundi. Akaona kwamba mipaka ya makundi inaingiliana karibu kote: Waafrika wengi walikuwa na mafuvu makubwa kuliko Wazungu wengi, na kinyume chake. Akahitimisha kwamba hakuna msingi wa kimaumbile wa kumwita Mwafrika duni, na akalitumia hitimisho hilo kuupinga utumwa.

Mwaka 2018 mtafiti Paul Wolff Mitchell alichapisha uchunguzi wa maandishi ya mkono ya Morton, akayalinganisha na majedwali ya Tiedemann. Namba za wawili hao zilifanana. Hata wastani wa Tiedemann, mtu akiukokotoa, unatoa mpangilio kama ule wa Morton. Na mipaka ya Morton, mtu akiitazama, inaingiliana kama ile ya Tiedemann. Mmoja alichagua kutazama tofauti ndogo ya wastani akaona ngazi ya ubora. Mwingine alitazama watu wote akaona kwamba ngazi haipo. Kwa hivyo upendeleo haukuhitaji kuingia kidoleni wakati wa kumimina mbegu. Ulikuwa tayari katika swali lililoulizwa na katika safu ya jedwali iliyochaguliwa kusomwa.

Ndiyo maana kibandiko chetu kimesema waziwazi kwamba vipimo vingi vilikuwa sahihi. Kibandiko kikidai kwamba Morton alighushi, mgeni atakayesoma kuhusu utafiti wa 2011 atadhani kwamba makavazi ndiyo yaliyodanganya.

Mpaka usioonekana

Sababu ya kina zaidi ya kuukataa upangaji huo ni kwamba mbari zenyewe, kama vyumba vyenye kuta, hazionekani katika mwili wa binadamu. Mwaka 1972 mwanajenetiki Richard Lewontin alipima tofauti za protini za damu katika jamii nyingi za dunia. Aligundua kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti zote zimo baina ya watu wa jamii moja. Zile zinazotenganisha mbari kubwa zilikuwa karibu asilimia sita tu. Baadaye, mwaka 1994, John Relethford alifanya hesabu ya namna hiyo kwa vipimo vya mafuvu yenyewe. Tofauti baina ya maeneo makubwa ya dunia zilitokea kuwa kati ya asilimia 11 na 14, na zilizosalia zilikuwa ndani ya maeneo hayo.

Haina maana kwamba tofauti za kimaeneo hazipo. Mtaalamu wa uchunguzi wa maiti akiletewa fuvu lisilojulikana anaweza kukadiria, kwa kiwango fulani cha uhakika, asili ya mababu wa mwenye fuvu. Lakini maumbo hubadilika pole pole kadiri umbali unavyoongezeka. Mtu akitembea kutoka mlango wa Nili hadi kusini mwa bara letu, hatafika kijiji ambapo mbari moja inaishia na nyingine inaanza. Mstari ukichorwa, umechorwa na mchoraji.

Isitoshe, umbo la kichwa halikai tuli kizazi baada ya kizazi. Kati ya 1908 na 1910 Franz Boas na wasaidizi wake walipima vichwa vya wahamiaji wapatao 18,000 na watoto wao jijini New York. Watoto waliozaliwa Marekani walitofautiana na wazazi wao katika uwiano wa upana na urefu wa kichwa, kipimo ambacho wapangaji wa mbari walikiona kuwa cha kudumu. Wataalamu bado wanajadiliana kuhusu ukubwa wa mabadiliko hayo, kwani data za Boas zilipokokotolewa upya mwaka 2002 na 2003, upande mmoja uliyaona kuwa madogo na mwingine ukayatetea. Hata hivyo, dai kwamba kichwa ni muhuri wa mbari usiofutika halikurudi katika nafasi yake ya zamani.

Waliolihitaji jedwali

Hesabu yenye udhaifu kama huu ilidumu kwa sababu ilikuwa na wanunuzi. Mwaka 1844 Morton alichapisha kitabu kuhusu mafuvu ya Misri, mengi yakiwa yamepelekwa na George Gliddon, aliyekuwa makamu wa balozi mdogo wa Marekani mjini Kairo. Alidai kwamba waliojenga ustaarabu wa Misri hawakuwa Waafrika weusi, na kwamba weusi waliokuwa humo walikuwa watumishi na watumwa tangu kale. Watetezi wa utumwa kusini mwa Marekani walilipokea dai hilo kwa mikono miwili. Alipokufa mwaka 1851, jarida la madaktari la Charleston, mji wa watumwa, lilimsifu kuwa mfadhili wa watu wa kusini.

Kwetu Kenya fikra hizo zilifika kwa njia ya ubongo badala ya fuvu. Katika miaka ya 1930 madaktari wa kikoloni mjini Nairobi, H.L. Gordon akiwa mstari wa mbele, walihoji iwapo inafaa kumsomesha Mwafrika. Mwaka 1934 daktari F.W. Vint alichapisha matokeo ya kupima bongo 100 za Waafrika waliokufa, akasema kwamba wastani wa uzito wake ulikuwa chini ya ule wa Wazungu kwa takriban sehemu moja ya kumi. Kosa lilikuwa lile lile la Filadelfia. Bongo hizo zilikuwa za watu waliofia hospitalini, wengi wakiwa maskini na wagonjwa, na zililinganishwa na tarakimu za Wazungu zilizotolewa vitabuni. Kimo, lishe na maradhi havikusawazishwa. Serikali ya Uingereza haikukubali kugharamia mpango mkubwa wa utafiti uliopendekezwa, lakini maneno yalikuwa yameshaingia katika mijadala ya walowezi kuhusu shule.

Mafuvu ya Afrika Mashariki nayo yalisafiri. Mjini Berlin, Felix von Luschan alikusanya maelfu ya mafuvu kwa kuwategemea maafisa, madaktari na wasafiri wa makoloni. Luschan mwenyewe hakuamini kwamba kuna mbari duni, jambo linaloonyesha kwamba hata mkusanyaji asiyewadharau watu aliweza kuyapokea mafuvu yaliyotolewa makaburini na katika uwanja wa mauaji. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makavazi ya taifa ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyotoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na maeneo jirani. Yaliyotambuliwa kuwa ya Rwanda yalikuwa 904, ya Tanzania 202 na ya Kenya 22. Mafuvu saba hayakuweza kuthibitishwa yalikotoka.

Kipimo kilichoshindwa kumtaja mtu

Tanzania inatupa mfano wa mpaka wa vipimo hivi. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliidai Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyekufa mwaka 1898. Halikurudi mpaka 1954, baada ya Gavana Edward Twining kwenda katika makavazi ya Bremen. Katika mkusanyo uliokuwa huko alichagua fuvu ambalo uwiano wa upana na urefu wake ulikaribiana na wa jamaa za Mkwawa, na lenye tundu lililofanana na la risasi. Fuvu hilo limehifadhiwa Kalenga, na heshima yake ni kubwa. Lakini uwiano huo watu wengi mno hushirikiana, na peke yake hauwezi kumtambulisha mtu mmoja. Ndiyo sababu mashaka ya wanahistoria hayajaisha.

Linganisha na yaliyotokea Berlin. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida". Watafiti walisoma daftari za mkusanyo, wakawatafuta jamaa nchini Tanzania na kulinganisha DNA. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba fuvu hilo ni la akida aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe halikuwa limetambuliwa matokeo hayo yalipotangazwa. Kilichofanikiwa hapo ni ukoo, jina na maandishi. Vipimo vya mbari havikuwa na msaada wowote.

Watu waliokuwa kabatini

Mkusanyo wa Morton ulihamishiwa makavazi ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1966. Sehemu yake kwa miaka mingi iliwekwa katika makabati ya darasani, wanafunzi wakisoma mbele yake. Iliondolewa humo mwaka 2020, na mwaka uliofuata makavazi yaliomba radhi. Miongoni mwa mafuvu hayo mna zaidi ya 50 yaliyopelekwa kutoka Kuba, ya watumwa ambao wengi walizaliwa Afrika. Mengine yalikuwa ya wakazi weusi wa Filadelfia yenyewe, maskini waliokosa wa kuwalinda makaburini.

Mapema mwaka 2024 mabaki ya watu 19 wa Filadelfia yaliwekwa katika makaburi ya Eden, nje kidogo ya mji huo. Hata hatua hiyo ilizua ubishi. Baadhi ya wakazi na watafiti walisema haraka ilikuwa kubwa kabla ya majina kutafutwa kikamilifu katika kumbukumbu za hospitali na nyumba za maskini. Hoja yao ni nzito kwa mwandishi wa kibandiko. Jina likipatikana, ndilo la kuandikwa kwanza, kabla ya namba ya mkusanyo na kabla ya jina la daktari.

Kwa hiyo anayeandika maelezo ya namna hii aangalie mambo matatu. Maneno ya zamani ya mbari yatajwe kama maneno ya wakati wake, yasirudiwe kama kwamba bado ni majina ya vitu vilivyopo. Kosa lielezwe lilipokuwa: katika uchaguzi wa makundi, katika kutosawazisha miili, na katika kuchukua ujazo wa mfupa kuwa kipimo cha akili. Na pale penye neno "kielelezo" liandikwe neno "mtu", kwa kuwa ndivyo alivyokuwa kabla ya kupelekwa Filadelfia, Bremen au Berlin.